Majukumu au sifa? Tangazo moja la kazi ya stoo na CV iliyobidi kuandikwa upya

Matangazo mengi ya kazi yana sehemu mbili ambazo waombaji huzisoma kana kwamba ni kitu kimoja: majukumu ya kazi na sifa za mwombaji. Mara nyingi sehemu hizo hutoka kwenye mikono miwili. Sifa huandaliwa na ofisi ya rasilimali watu, na baadhi ya mistari yake hunakiliwa kutoka tangazo la zamani. Majukumu hutoka kwa mkuu wa idara, yule ambaye kazi ikilala ndiye atakayeulizwa. Mtu wa kwanza atatumia sifa kupunguza rundo la maombi. Wa pili ataisoma CV akiwa na majukumu kichwani. CV moja inapaswa kupita kwa wote wawili, na swali la kisa hiki ni namna ya kugawa nafasi ya karatasi kati yao.

Tangazo na mwombaji tutakaowachambua wametungwa kwa ajili ya uchambuzi, ila kila mstari ni wa aina inayokutwa katika matangazo ya kazi Tanzania. Mwajiri ni msambazaji binafsi wa dawa na vifaa tiba jijini Mwanza, anayehudumia maduka ya dawa na vituo vya afya vya Kanda ya Ziwa. Nafasi ni msimamizi wa stoo, na atawajibika kwa mfamasia msimamizi.

Majukumu:

1. Kupokea mizigo na kuilinganisha na oda ya ununuzi na delivari noti.
2. Kukagua namba za bechi na tarehe za kwisha muda kabla bidhaa hazijaingia stoo.
3. Kupanga na kutoa bidhaa kwa utaratibu wa FEFO, yaani kinachokwisha muda mapema kitoke kwanza.
4. Kurekodi joto la stoo na la majokofu asubuhi na jioni.
5. Kuhesabu sehemu ya stoo kila wiki na stoo nzima mwisho wa mwezi, na kutoa maelezo ya tofauti.
6. Kuandaa ripoti ya kila mwezi ya bidhaa zitakazokwisha muda ndani ya miezi 6.
7. Kusimamia vibarua 4 na dereva mmoja.
8. Kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake.

Sifa za mwombaji:

- Awe na Stashahada ya Ununuzi na Ugavi.
- Awe amesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB).
- Uzoefu wa kazi ya stoo usiopungua miaka 3.
- Uzoefu wa stoo ya dawa utakuwa sifa ya ziada.
- Ujuzi wa kompyuta, hasa Excel.
- Kiswahili na Kiingereza, kuandika na kuzungumza.
- Leseni hai ya udereva.
- Mwaminifu, mchapakazi, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo.

Mwombaji ana stashahada, yaani NTA ngazi ya 6, na amesajiliwa na bodi. Amefanya kazi miaka 4 na miezi 4 kwenye stoo ya kampuni inayosambaza vyakula vya pakiti na maziwa. Hajawahi kugusa stoo ya dawa, na leseni yake ya udereva imekwisha muda.

CV yake ya kwanza ilijibu sifa, mstari kwa mstari. Juu kabisa kulikuwa na aya ya sentensi tano inayosema ni mwaminifu, mchapakazi, anajituma na anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Ikafuata elimu kuanzia shule ya msingi, kisha ujuzi wa kompyuta: Word, Excel, PowerPoint, intaneti na barua pepe. Uzoefu ulikuja ukurasa wa pili, kwa mistari mitatu: kupokea mizigo, kutoa mizigo, kutunza kumbukumbu za stoo. Hakuna alichodanganya. Ofisa rasilimali watu angeweza kumpitisha, ingawa ingembidi atafute usajili wa bodi chini ya kichwa cha "mengineyo". Shida ingeanza kwa mfamasia, kwa sababu mistari ile mitatu ingemfaa hata mtunza stoo wa saruji na mabati.

Kazi ya kwanza katika kuirekebisha ni kutenga sifa ambazo ni mlango. Mlango ni sifa ambayo ukiikosa ombi linawekwa pembeni bila kusomwa zaidi, na tangazo lenyewe hutoa dalili. Kuna neno "awe na" au "lazima". Kuna namba inayohesabika, kama miaka 3. Kuna jambo lenye sheria nyuma yake, ambalo mwajiri hawezi kulisamehe hata akitaka. Usajili wa wataalamu wa ununuzi na ugavi unatokana na sheria ya mwaka 2007 iliyounda bodi yao. Kwa tangazo hili milango ni mitatu: stashahada, usajili na miaka. Sifa ya ziada imetajwa waziwazi kuwa ya ziada, kwa hiyo si mlango. Excel, lugha na leseni ziko katikati, nazo tutazipima kwa njia nyingine.

Mlango hauhitaji maelezo marefu. Unahitaji kuonekana upesi, mahali pa kwanza jicho linapotua, kwa namna ambayo mtu asiyejua stoo anaweza kuweka alama ya tiki bila kufikiri. Mistari mitatu chini ya jina inatosha: stashahada, chuo na mwaka; usajili wa PSPTB na namba yake; uzoefu wa stoo, Machi 2020 hadi Juni 2024, miaka 4 na miezi 4. Miezi iandikwe. Anayeandika "2020–2024" anaweza kuwa na miaka mitano au mitatu na kidogo, na mchujaji mwenye maombi mengi mezani hatapiga simu kuuliza. Elimu ya msingi na sekondari inaweza kushuka chini au kufupishwa, maana hakuna jukumu wala sifa inayoiuliza.

Hapo sifa zimepewa robo ya ukurasa. Nafasi iliyobaki ni ya majukumu, na ndipo kazi yenyewe ilipo.

Chukua kila sifa iliyobaki uulize ipo kwa ajili ya jukumu gani. Excel ina namba 5 na 6 nyuma yake: hesabu za mwezi na ripoti ya bidhaa zinazokaribia kwisha muda. Kwa hiyo neno "Excel" kwenye orodha ya ujuzi halimwambii mfamasia kitu, lakini mstari unaosema kwamba mwombaji aliandaa orodha ya bidhaa zinazokaribia kwisha kwenye Excel kila Ijumaa unajibu sifa na jukumu kwa pamoja. Kiingereza nacho kina ripoti na nyaraka za mizigo nyuma yake. CV ikiwa imeandikwa kwa lugha ya tangazo, bila makosa, ushahidi wa lugha hiyo tayari umo mkononi mwa msomaji na mstari mmoja wa lugha unatosha.

Uaminifu ndio sifa inayoandikwa vibaya kuliko zote. Watu huona neno hilo limewekwa kwenye tangazo, nao hulirudisha kwa mwajiri jinsi lilivyo. Katika stoo, neno hilo lina jukumu lake mahususi, namba 5, na hasa maneno manne ya mwisho: kutoa maelezo ya tofauti. Tuseme leja inaonyesha katoni 48 za maziwa na kwenye rafu zipo 46. Mtunza stoo dhaifu husahihisha leja iseme 46. Anayejua kazi yake hurudi kwenye hati za kutolea mzigo na kukuta kwamba pakiti 48 zilitoka rejareja. Katoni moja ina pakiti 24, kwa hiyo zilikuwa katoni 2, na aliyetoa hakuziingiza kwenye leja kwa sababu leja inahesabu katoni tu. Mwombaji akiandika kwamba alifuatilia tofauti za hesabu hadi kwenye hati na kutoa maelezo ya maandishi kwa mhasibu, amesema habari ya uaminifu kwa lugha ambayo mtu wa stoo anaiamini. Ile aya ya sentensi tano ifutwe yote.

Leseni inakosa jukumu kabisa. Dereva yupo, na atasimamiwa na mwenye nafasi hii. Huenda wanataka mtu wa kushika usukani siku dereva anaumwa, au mstari umebaki kutoka tangazo jingine. Sifa isiyo na jukumu nyuma yake, tena isiyo na neno la sharti, haipaswi kumzuia mtu kuomba. Pia haipaswi kupewa uongo: leseni iliyokwisha si leseni hai. Akiihuisha kabla ya siku ya mwisho ya maombi, iwe mstari mmoja mwishoni. Asipoihuisha, mstari huo usiwepo, na akiulizwa kwenye usaili aseme ilivyo.

Sasa igeuze karatasi: kuna majukumu gani ambayo hayakutajwa kwenye sifa? Hapa ndipo waombaji wanaosoma sifa peke yake wanapopoteza kazi bila kujua. Joto, namba 4, halimo. Usimamizi wa watu, namba 7, haumo. Na la kushangaza zaidi ni tarehe za kwisha muda. Majukumu namba 2, 3 na 6 yote yanahusu bechi na tarehe. Hayo ni matatu kati ya saba yenye maana, ukiacha lile la "kazi nyingine", ambalo karibu kila tangazo linalo. Lakini ukisoma orodha ya sifa kuanzia juu hadi chini, tarehe ya kwisha muda haikutajwa hata mara moja. Aliyeandaa sifa anatafuta mtu wa ugavi. Aliyeandaa majukumu anaogopa dawa iliyoharibika kufika kwa mgonjwa, na pesa iliyolala rafuni ikigeuka mzigo wa kuteketezwa.

Jambo linalorudiwa kwenye majukumu ndilo lenye uzito mkubwa, hata kama sifa zimelinyamazia. Basi CV hii inapaswa kuonyesha, kabla ya kingine chochote, kwamba mwombaji anajua kudhibiti bidhaa zenye tarehe. Na hapo uzoefu wa vyakula, ambao mwenyewe aliuona kama upungufu, unageuka kuwa hoja yake kubwa. Mtindi wa siku 30 unabana kuliko vidonge vya miaka 2. FEFO aliifanya kila siku kwenye chumba cha baridi. Hakuiandika kwa sababu sifa hazikuiuliza.

Mgawanyo wa nafasi ukawa hivi. Kazi yake ya stoo ilipewa mistari tisa. Minne ilikwenda kwenye bechi, tarehe na FEFO. Miwili kwenye hesabu na tofauti. Mmoja joto, mmoja usimamizi wa vibarua, mmoja upokeaji. Upokeaji ndio wa kwanza kwenye tangazo, na kwa kawaida jukumu la kwanza lina uzito, lakini hapa limefuata mpangilio wa mzigo unavyoingia na kutoka. Tena kila mtunza stoo hupokea mizigo, kwa hiyo mstari huo haumtenganishi mtu na mwingine. Utaratibu wa namba usifuatwe kwa upofu.

Baadhi ya mistari ilivyoandikwa upya:

> Kukagua namba ya bechi na tarehe ya kwisha ya kila bechi iliyoingia, kwa bidhaa aina 140 hivi. Kukataa mzigo uliobakiwa na chini ya nusu ya muda wake, kwa kanuni ya kampuni.
>
> Kupanga na kutoa kwa FEFO bidhaa za muda mfupi (mtindi wa siku 30) na za muda mrefu (maziwa ya pakiti ya miezi 6).
>
> Kuandaa kwenye Excel kila Ijumaa orodha ya bidhaa zilizobakiza siku 60 kwa bidhaa kavu na siku 10 kwa za baridi, na kuikabidhi kwa timu ya mauzo.
>
> Kurekodi joto la chumba cha baridi mara mbili kwa siku. Kutoa taarifa na kuhamisha bidhaa umeme ulipokatika na joto kupanda.
>
> Kuhesabu aina 20 kila Jumamosi na stoo nzima mwisho wa mwezi. Kufuatilia tofauti hadi kwenye hati na kuzitolea maelezo kwa mhasibu.

Kila mstari una kitendo, kiasi na mara ngapi. Namba zilitoka kwenye kumbukumbu ya utaratibu wa kila siku: siku gani ya wiki, aina ngapi, nani alipokea ripoti. Hizo mwombaji anaweza kuzieleza kwenye usaili bila kuhitaji karatasi za mwajiri wa zamani, na hapaswi kutoka na karatasi hizo wala kutaja bei na majina ya wateja. Namba ya aina ya "nilipunguza hasara kwa asilimia 35" haikuwekwa, kwa sababu hakuwahi kuona hesabu ya hasara ya kampuni. Namba ambayo mdhamini wake hawezi kuithibitisha akipigiwa simu itaiangusha hata mistari iliyo ya kweli.

Kuna kosa la upande wa pili, na huwapata hasa walioambiwa wazingatie majukumu: hunakili majukumu ya tangazo na kuyabandika chini ya kazi yao ya zamani. Msomaji hulitambua haraka. Maneno ni yaleyale, mpangilio ni uleule, na hakuna kiasi hata kimoja. Kwa mwombaji wetu lingekuwa kosa baya zaidi, maana ingeonekana anadai kuwa alifanya kazi kwenye stoo ya dawa. Mfamasia angemuuliza bidhaa iliyotiliwa shaka aliitenga wapi, au dawa zilizokwisha muda ziliteketezwa kwa utaratibu gani, na hapo mambo yangeisha. Dawa zisizofaa haziendi jalalani kama mtindi uliochacha; uteketezaji wake hufanyika chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Hayo ayasome kabla ya usaili. Kwenye CV abaki na vyakula, kwa jina lake.

Neno la kitendo nalo lipimwe. Tangazo linasema "kusimamia" vibarua 4. Yeye alipangia kazi vibarua 3 siku za kupokea mzigo, wakati msimamizi mwenyewe alikuwa mwingine. Akaandika "kupangia kazi vibarua 3 siku za kupokea mizigo na kuhakiki idadi waliyoshusha". Ni hatua moja chini ya tangazo, na inaaminika. Pengo la ngazi moja mwajiri hulivumilia kwa mtu mwenye mambo mengine. Cheo cha kujipachika hakivumiliki.

Kipimo hiki cha kuyapa majukumu robo tatu ya ukurasa kina mipaka yake. Kwa nafasi za kuanzia za utumishi wa umma zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira na kuombwa kupitia Ajira Portal, uzito unarudi kwenye sifa. Nafasi nyingi za ngazi hiyo hazidai uzoefu, na mchujo wa kwanza ni wa vyeti: fani iliyotajwa, ngazi iliyotajwa, vyeti halisi vilivyopakiwa. Tangazo huonya kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki badala ya cheti, na waliosoma nje wahakikishe vyeti vyao vimetambuliwa na mamlaka husika. Mwenye mistari mizuri ya majukumu lakini fani yake haikutajwa kwenye sifa hafiki mbali. Hata hivyo majukumu yasitupwe. Ndiyo mahali pazuri pa kuanzia maandalizi ya usaili wa mchujo wa kuandika na wa mahojiano.

Mpaka mwingine ni majukumu yasiyoaminika. Ukikuta nafasi moja inatakiwa kununua, kutunza stoo, kufunga hesabu, kuendesha gari na kusimamia mitandao ya kijamii, orodha hiyo haikuandikwa na mtu anayeijua kazi. Hapo kuhesabu mistari hakusaidii. Tazama jina la nafasi na cheo cha atakayemsimamia. Msimamizi wa stoo anayewajibika kwa mhasibu ataulizwa tofauti za hesabu. Anayewajibika kwa mfamasia ataulizwa tarehe na joto. Anayewajibika kwa meneja mauzo ataulizwa mzigo unatoka haraka kiasi gani. Mstari huo mmoja wa "atawajibika kwa" huruka macho ya wengi kwa sababu haumo kwenye sehemu yoyote kati ya zile mbili.

Likabaki jambo moja ambalo CV haikuweza kulibeba, nalo ni kukosa uzoefu wa dawa. Halikuandikwa kwenye CV, kwa kuwa CV inaonyesha kilichofanyika. Lilipelekwa kwenye barua ya maombi, aya ya pili, kwa sentensi mbili: kwamba stoo aliyoitunza ilikuwa ya vyakula, na kwamba ukaguzi wa bechi, FEFO na kumbukumbu za joto alizofanya huko ndizo kazi namba 2, 3 na 4 za tangazo. Barua ikataja namba hizo hasa, ili mfamasia aweze kuweka tangazo na CV bega kwa bega na kuhakiki.